Regulata Iliyorudi

Dukani walimwita Bi Tangazo, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Duka liliuza vyombo vya nyumbani: sufuria, feni, mapazia, majiko, na kila kikorokoro kinachomfanya mtu aamini kwamba jikoni kwake kuna kitu kinapungua. Kazi yake ilikuwa kukaa ghorofani, kwenye chumba chenye dirisha moja na taa mbili za kupigia picha, akitunga matangazo ya kuwekwa kwenye kurasa za duka mitandaoni. Kila tangazo lilibeba linki. Mteja akiibonyeza anatua kwenye ukurasa wa bidhaa, anaagiza, anangoja mzigo wake.

Mtu wa kwanza kupenda kila tangazo alikuwa shangazi yake. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha kwa kushona sare za shule za watoto wa wenzake, na sasa alikuwa mzee wa macho mabovu aliyekaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa ameomba simu yake iwekewe kengele, ili duka likirusha chochote ilie. Mlio wenyewe ulikuwa kama kijiko kikigonga glasi. Ikilia, shangazi anaacha alichokuwa akikifanya, anaisogeza simu mpaka puani, anabonyeza kidole gumba. Feni, anapenda. Ndoo, anapenda. Brashi ya choo, anapenda pia.

"Lakini shangazi, brashi ya choo unaipendea nini?" Bi Tangazo alimuuliza siku moja.

"Sipendi brashi, mwanangu. Napenda aliyeiandika."

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bi Tangazo alikuwa akiwacheka wahenga kimoyomoyo, maana yeye alilipwa kuvitembeza vyote viwili. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomchoma: kutangaza kitu kisichokuwepo. Msimu mmoja wa joto feni ziliisha stoo, na matangazo aliyoyapanga kabla yakaendelea kutoka asubuhi na jioni, yanaita watu. Watu wakaja, wakakuta ukurasa unasema zimekwisha, wakarudi kutukana chini ya tangazo. Mmoja aliandika, "Mnauza feni au mnauza upepo?" Bi Tangazo alicheka, kisha akalia chooni.

Ndipo yeye na fundi wa tovuti, kijana waliyemwita Waya kwa wembamba wake, wakaunda kitu walichokibatiza Mlinzi. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Kila baada ya dakika chache Mlinzi anapita kwenye linki ya kila tangazo na kuuliza maswali mawili. La kwanza: ukurasa unafunguka? La pili: stoo wanazo ngapi? Ukurasa ukiwa umezimwa, au hesabu ya stoo ikisoma sifuri, anayasitisha matangazo yote yenye linki hiyo, yaliyopangwa na yaliyolipiwa, bila kumwuliza mtu. Ukurasa ukifunguka tena na hesabu ikipanda kutoka sifuri, anayaachia yaendelee, na juu yake anarusha tangazo fupi ambalo Bi Tangazo alikuwa amelitunga mara moja kwa bidhaa zote: "Uliyoisubiri imerudi! Wahi kabla haijaisha."

Kilikuwa chombo kizuri, tusikionee. Matusi yalikwisha. Bosi, mwenye duka, alimpa Waya mkono na kumwambia Bi Tangazo kwamba sasa anaweza kulala. Naye akalala. Taarifa za Mlinzi, "nimesitisha hiki, nimeachia kile", zilikuwa zikimiminika kwenye barua pepe yake mpaka akaziwekea kabati lao la pembeni, zijipange humo zenyewe. Baada ya muda hakuwa akilifungua tena.

Kizuri kikizoeleka huanza kutumiwa kwa kazi isiyo yake. Mlinzi alikuwa na kitufe cha kusitisha kwa mkono. Ukikibonyeza, tangazo linalala mpaka mtu aliamshe mwenyewe, hata stoo ijae mpaka dari. Lakini kitufe hicho kilikuwa cha tangazo moja moja, na bidhaa moja iliweza kuwa na matangazo arobaini. Kwa hiyo dukani wakazoea njia ya mkato. Wakitaka kunyamazisha bidhaa, wanaingia kwenye hesabu ya stoo wanaandika sifuri. Mlinzi anaona sifuri, anazima yote kwa mpigo. Waliita "kuipiga sifuri". Picha ya sahani ina kasoro? Ipige sifuri. Bei imekosewa? Ipige sifuri. Hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu hakukuwa na ubaya, mpaka zilipokuja zile regulata.

Regulata ni kile kichwa kinachobanwa juu ya mtungi wa gesi, chenye kitasa cha kufungulia na kufungia. Hizi zilikuwa nzuri kwa macho, za rangi ya fedha, na zilitoka kama njugu. Shangazi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua, maana moshi wa mkaa ulikuwa umemharibu kifua. Macho yake hayakuona kitasa kimeelekea wapi, basi Bi Tangazo akachukua rangi yake ya kucha, nyekundu, akamchorea mstari ubavuni mwa kitasa: mstari ukikutazama, gesi imefungwa. Shangazi alifurahi kama aliyepewa gari.

Kisha wateja wakaanza kurudi kaunta. Mmoja alisema jikoni kunanuka gesi hata akiwa amefunga. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa fundi wa majiko, naye hakusema mengi. Aliibana regulata kwenye mtungi wa dukani, akafunga kitasa, akapaka povu la sabuni. Povu likaanza kuchemka taratibu mbele ya macho ya watu wote.

"Hii haifungi," akasema. "Inajifanya tu."

Bi Tangazo alipanda mbio ofisini kwa bosi. "Tuzime ukurasa," alisema, "na tuandike onyo. Walio nazo waache kuzitumia, wazirudishe."

Bosi alivua miwani. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu wa kungoja, na wakati mwingine hao ndio wabaya zaidi. "Ukurasa huo una sifa za wateja za miaka," alisema. "Ukiuzima leo, kwenye utafutaji tutashuka mpaka chini kabisa. Na onyo tutaliandikaje wakati aliyetuuzia hajakubali kwamba ni mbovu? Tumempelekea swali, ngoja ajibu. Wewe sitisha matangazo. Anayerudisha, apokelewe kwa heshima, arudishiwe chake. Lakini stoo wasiandike 'mbovu' mpaka tujue."

"Na walio nazo nyumbani, wasiojua?"

"Siku mbili tatu tu, binti yangu. Ipige sifuri."

Angeweza kugoma. Angeweza pia kushuka, akakaa mbele ya kompyuta, akabonyeza kile kitufe cha mkono tangazo baada ya tangazo mpaka yote arobaini yalale usingizi wa kweli. Aliifikiria hiyo kazi, akaona mikono inachoka kabla ya kuanza. Akaandika sifuri. Baada ya dakika chache matangazo yote ya regulata yakageuka kijivu, yakatulia, naye akahisi amefanya jambo.

Jioni alimpigia shangazi. Huyu hakuweza kumwacha angoje jibu la aliyewauzia.

"Ile regulata, shangazi, ibandue leo hii. Usiifungue tena. Irudishe dukani kesho."

"Nzuri hivi? Ina nini?"

"Haifungi vizuri ndani. Wanaishughulikia."

"Basi nitarudi kwenye mkaa wangu," shangazi alisema, na kikohozi kikamkatiza. "Kwa muda gani?"

Na hapa ndipo alipoyasema maneno ambayo baadaye angeyarudia kichwani mpaka yakapoteza maana. Alimwonea huruma kwa kile kikohozi, akataka kumpa cha kushika. "Zikishatengenezwa zitarudi," alisema. "Na zikirudi utaziona kwangu. Kengele yako italia."

Shangazi alirudisha yake kesho yake, kama alivyoambiwa. Alikuwa mtu nadhifu mno. Hakuwahi kutupa boksi la kitu maishani mwake. Aliifuta regulata kwa kitambaa, akaitia kwenye mfuko wake wa plastiki, akairudisha ndani ya boksi, akaliziba kwa utepe ule ule ulioonekana kama wa kiwandani. Kaunta wakaipokea. Msichana wa kaunta akalipitisha boksi kwenye mashine, akachagua "imerudishwa", kwa sababu "mbovu" walikuwa wamekatazwa, na boksi likapelekwa stoo kukaa kwenye rafu yake ya siku zote. Wengine walileta zao mikononi, kwenye mifuko ya nailoni, kwenye magazeti. Zote zilipokelewa kwa heshima.

Na kila iliyopitishwa kwenye mashine ilijumlishwa. Hilo hakuna aliyeliwaza. Sifuri waliyoiandika haikuwa kufuli. Ilikuwa namba tu, na ukiongeza moja kwenye sifuri unapata moja. Mlinzi alipita kama kawaida yake, akauliza maswali yake mawili. Ukurasa unafunguka? Unafunguka. Stoo wanazo? Wanazo. Akayaachia matangazo yote arobaini, na juu yake akatoa tarumbeta: "Uliyoisubiri imerudi! Wahi kabla haijaisha." Na picha ya regulata ya rangi ya fedha chini yake. Alifanya sawasawa alivyofundishwa.

Bi Tangazo wakati huo alikuwa chini ya taa zake, akipiga picha mapazia. Alikuwa amerusha asubuhi hiyo tangazo la kwanza la mapazia hayo, na alikuwa akipigana na mkunjo mmoja usiotaka kunyooka. Simu ikatetemeka. Ujumbe wa shangazi: "Nimeona mwanangu. Nimewahi. Ahsante."

Akadhani ni mapazia. Akatabasamu, maana shangazi alikuwa na madirisha mawili tu na yote yalikuwa na mapazia. Akamtumia moyo mwekundu, akarudi kwenye mkunjo wake.

Chini stoo, mfungaji wa mizigo akapokea oda. Alikuwa anasaidia zamu ya mwenzake aliyeugua, na la regulata alikuwa hajalisikia. Mpya zilikuwa zimeondolewa kupelekewa aliyewauzia azipime, kwa hiyo alifika kwenye rafu akakuta zilizorudishwa tu, nyingine uchi, nyingine kwenye magazeti, na moja ndani ya boksi safi lenye utepe. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Mteja hatumiwi kitu kilichofungwa kwa gazeti. Akachukua yenye boksi.

Habari zilifika kesho yake mchana, kwa simu ya jirani. Jirani hakujua kuzungushia maneno. "Njoo hospitali. Jiko la shangazi yako limelipuka."

Kwenye gari la kukodi alikuwa akijiambia kwamba haiwezekani, shangazi anatumia mkaa. Aliirudia mara nyingi, mkaa, mkaa, mkaa, mpaka dereva akamtazama kwenye kioo. Kisha akafungua simu kutafuta namba ya yule jirani, na ukurasa wa duka ukajitokeza wenyewe mbele yake, na juu kabisa ilikuwa ile picha. Uliyoisubiri imerudi. Chini yake mtu wa kwanza kupenda. Alilijua lile jina kabla macho hayajalisoma.

Alimpigia Waya. Hakumsalimu. "Kwa nini regulata ziko hewani?"

Akasikia vidole vikigonga. Kisha Waya akasema polepole, kama anayesoma hukumu yake mwenyewe: "Zilizorudishwa zimehesabiwa. Hesabu imepanda. Zimeuzwa tatu tangu jana." Akaongeza, "Hukuzisitisha kwa mkono?"

"Nilipiga sifuri."

Waya hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu.

"Uzime ukurasa," Bi Tangazo alisema. "Usimwulize bosi. Na hao wawili wengine, chukua namba zao za simu kwenye oda, uwapigie sasa hivi. Wasiwashe chochote. Wafungue madirisha."

Shangazi alikuwa amelazwa kwenye wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho karibu na ukuta. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji mpaka viwikoni, na uso ulikuwa umepakwa dawa nyeupe, nyusi hazipo. Muuguzi alimvuta Bi Tangazo pembeni akamwambia kwamba majeraha ya mikono ni ya nje tu, wasiwasi wao uko kwenye mapafu, kwa kuwa aliuvuta moto ndani na kifua chake hakikuwa na nguvu tangu mwanzo. Usimchoshe, akasema. Kisha akampa mfuko wa plastiki wenye vitu vya mgonjwa: kanga, viatu, simu iliyopona kwa kuwa ilikuwa chumbani, na kipande cha chuma alichokileta jirani akidhani polisi watakihitaji.

Bi Tangazo alikitoa kile chuma. Upande mmoja ulikuwa mweusi kwa moshi. Ule wa kitasa moto haukuufikia sana, na ubavuni mwake kulikuwa na mstari mwekundu, mnene kidogo mwanzoni pale brashi ilipogusa kwanza. Aliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Umekuja," shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

"Nimekuja, shangazi."

"Usilie. Nyumba haikuungua yote." Akapumzika. "Niliwahi, unajua. Kengele ililia tu nikaagiza. Nikasema mwanangu aliniambia zitarudi, na zimerudi."

"Usiongee sana."

"Nilipofungua boksi nikashangaa. Wameweka mstari mwekundu, kama ule ulionichorea wewe." Midomo iliyopakwa dawa ilijaribu kucheka. "Nikasema hawa watu kweli wameitengeneza. Wamewafikiria hata wazee wasioona."

Bi Tangazo alitaka kunyamaza. Uongo ulikuwa karibu, mtamu, haumgharimu mtu: ndiyo, shangazi, waliitengeneza, imetokea bahati mbaya. Bosi angeupenda. Naye Bi Tangazo angeuandika vizuri pia, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini aliyekuwa amelala pale alikuwa ameunguzwa na kuamini kila alichokiandika, na kumwongezea uongo mwingine juu ya bandeji lilikuwa jambo ambalo hata ulimi wake, uliozoea kuuza brashi za choo, ulilikataa.

"Ule mstari ni wangu, shangazi. Hiyo ni ile ile uliyoirudisha. Haikutengenezwa. Haikupaswa kuuzwa tena. Nilikuwa na njia ya kuizuia kabisa, nikachagua ya haraka."

Mashine ya kitanda cha jirani ilikuwa ikihesabu pumzi za mtu mwingine.

"Mimi nilidhani wananifikiria," shangazi alisema hatimaye. Akageuza uso kuelekea ukutani, taratibu, kwa sababu shingo ilimuuma.

Bi Tangazo akatoka nje kwenye korido, akaegemea ukuta wenye rangi ya kijani iliyobanduka. Bosi alikuwa amepiga simu mara nyingi na kuacha ujumbe: wasiseme lolote kwanza, ni hitilafu ya mtambo, wakutane asubuhi. Hakujibu. Alifungua akaunti ya duka akaandika onyo, lile ambalo lingepaswa kuandikwa siku povu lilipochemka. Aliandika kwamba regulata hizi zinavuja hata zikifungwa, kwamba mtu mmoja ameungua, kwamba kila mwenye nayo aibandue nje penye hewa na asiwashe kitu. Akapiga picha ya kile chuma kwenye kiganja chake, mstari mwekundu ukionekana. Chini, kwa mazoea ya mkono, akabandika linki ya bidhaa, ili watu wajue ni ipi. Akabonyeza.

Halikutoka. Liligeuka kijivu mbele ya macho yake. "Limesitishwa," Mlinzi alimwarifu kwa adabu. "Ukurasa wa linki hii haupatikani."

Waya alikuwa ameuzima ukurasa, kama alivyoagizwa, na Mlinzi hakujua tofauti ya tangazo na onyo. Hakuna aliyewahi kumfundisha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri duka lingekuwa na la kuonya. Bi Tangazo akaifuta linki, akaandika jina la bidhaa na rangi yake kwa maneno, akabonyeza tena. Safari hii likatoka.

Ndani ya mfuko wa plastiki alioushika mkononi, simu ya shangazi ililia, kijiko kikigonga glasi. Akasubiri, asijue anachosubiri. Watu walianza kuandika chini ya onyo, mmoja akiuliza kama ni kweli, mwingine akisema anayo jikoni. Akaanza kuwajibu mmoja mmoja.